Modeli Inapokariri Sato: Kusimama Mapema, Kupunguza Uzito na Dropauti

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuipa simu picha ya sato, nayo iseme kama samaki huyo ametolewa ziwani leo au amelala kwenye barafu tangu jana. Mtu aliyezoea mwalo wa Kirumba, Mwanza, hahitaji simu. Anafunua shavu, anaangalia matamvua kama bado ni mekundu au yamegeuka kahawia, anaangalia jicho kama limetuna na kung'aa au limezama na kufanya ukungu, basi. Nilitaka kuona kama mtandao mdogo wa neva unaweza kujifunza jicho hilo kutoka kwenye picha. Nilichopata kwanza ni mtandao uliokariri.

Kukariri ndiyo tatizo la mwongozo huu. Modeli inajua majibu ya picha ilizofunzwa, ikiletewa samaki mgeni inababaika. Dawa tatu za kawaida ni kusimamisha mafunzo mapema, kupunguza uzito kidogo kidogo, na dropauti. Watu huziwasha zote kwa pamoja kisha hawajui ipi imesaidia. Mimi nitazipitia moja moja, kwa mpangilio ninaoufuata, nikitumia hao hao sato.

Kabla ya dawa: gawa data kwa samaki, usigawe kwa picha

Nilikwenda mwaloni siku 12, kwa kuruka siku. Kila siku nilipiga samaki 20, kumi wa leo na kumi wa jana, kila mmoja picha tano. Jumla samaki 240, picha 1,200. Mara ya kwanza nilizichanganya picha zote kama karata, nikachukua 800 za mafunzo, 200 za uhakiki na 200 za mtihani. Modeli ikapata zaidi ya asilimia 95 kwenye uhakiki, na nikajiona nimemaliza.

Aliyenizindua ni mama mmoja anayeuza sato, ambaye kwake ndiko nilikopata wengi wa hao wa jana. Nilimwonyesha picha kwenye simu, hizi za mafunzo, hizi za uhakiki. Akatazama kidogo. "Mwanangu, mbona huyu ndiye yule? Tazama pezi lake la mgongoni, limechanika pale pale."

Alikuwa sahihi. Samaki mmoja mwenye picha tano alikuwa na picha tatu kwenye mafunzo na mbili kwenye uhakiki. Modeli haikuhitaji kujua habari ya matamvua. Ilitosha kukumbuka pezi lililochanika. Na hapa ndipo ubaya ulipo: dawa zote tatu hupimwa kwa data ya uhakiki. Uhakiki ukivuja, kukariri kunaonekana kama kujifunza, na hutajua lini usimame wala kama dawa imefanya kazi.

Nikagawa upya kwa siku nzima: siku 8 za mafunzo, siku 2 za uhakiki, siku 2 za mtihani. Hesabu ya picha ni ile ile, 800, 200 na 200, lakini sasa hakuna samaki anayeonekana pande mbili. Usahihi wa uhakiki ukaporomoka hadi karibu asilimia 80. Hiyo ndiyo ilikuwa hali halisi tangu mwanzo.

Zingatia pia kwamba picha 200 za uhakiki ni samaki 40 tu. Samaki mmoja ni asilimia 2.5. Kwa hiyo mtu akikuambia dawa fulani imepandisha usahihi kwa asilimia moja kwenye data ya ukubwa huu, hajakuambia kitu.

Hatua ya kwanza: iache ikariri, uitazame

Usianze na dawa. Funza modeli bila kizuizi chochote kwa duru nyingi (duru moja ni kuzipitia picha zote za mafunzo mara moja), na kila duru andika namba mbili: hasara ya mafunzo na hasara ya uhakiki. Hasara ni kipimo cha jinsi modeli ilivyokosea, na kwa makundi mawili kuna alama nzuri ya kukumbuka: modeli inayobahatisha nusu kwa nusu ina hasara ya 0.69. Ikianza hapo na isishuke, haijifunzi kabisa, na tatizo lako ni jingine.

Mtandao wangu ulikuwa na tabaka chache za kuchuja picha, kisha tabaka moja nene lenye nyuroni 256 linalopokea namba 4,096. Zidisha: tabaka hilo peke yake lina namba za uzito, zile ambazo mafunzo huzirekebisha, zaidi ya milioni moja, kwa picha 800. Nafasi ya kukariri ipo tele. Ndivyo ilivyokuwa. Duru ya 5, mafunzo 0.52 na uhakiki 0.58. Duru ya 14, mafunzo 0.31 na uhakiki 0.46. Kuanzia hapo zikaachana: duru ya 30 mafunzo yalikuwa 0.08 na uhakiki 0.63, duru ya 60 mafunzo 0.01 na uhakiki 0.97.

Mshangao wa wengi uko kwenye usahihi. Duru ya 14 ulikuwa asilimia 80, duru ya 60 asilimia 79. Hasara imepanda zaidi ya maradufu, usahihi umekaa pale pale! Hakuna mgongano. Usahihi huhesabu tu nani kakosewa, hasara huangalia pia modeli ilikosea kwa kujiamini kiasi gani. Samaki wa jana akiambiwa ni wa leo kwa uhakika wa asilimia 90, hasara yake ni 2.3. Kosa lile lile likisemwa kwa uhakika wa asilimia 99, hasara ni 4.6. Modeli inayokariri huwa inaendelea kukosea samaki wale wale, ila kwa kiburi zaidi. Mnunuzi anayesoma "uhakika asilimia 99" kwenye simu anaumizwa na kiburi hicho, kwa hiyo mimi huongozwa na hasara ya uhakiki, si usahihi.

Hatua ya pili: kusimama mapema

Hii naiweka kwanza kwa sababu haina gharama. Huongezi chochote kwenye mtandao; unatunza nakala ya modeli kila hasara ya uhakiki inapovunja rekodi, na unasimama ikipita muda bila rekodi mpya.

```
if val < bora - 0.001:
    bora, subira = val, 0
    torch.save(model.state_dict(), "bora.pt")
else:
    subira += 1
    if subira == 10:
        break
```

Kwa nini inafanya kazi? Namba za uzito huanza zikiwa ndogo na hukua kadiri mafunzo yanavyoendelea. Mambo yanayojirudia kwenye samaki wengi, kama rangi ya matamvua, husukuma uzito upande mmoja kila hatua, kwa hiyo hujifunzwa mapema. Pezi la samaki mmoja husukuma kidogo tu, likahitaji duru nyingi kukaa. Ukisimama katikati, la kwanza limeingia na la pili bado.

Subira ya 10 maana yake nasubiri duru kumi bila rekodi. Hasara ya uhakiki haishuki kama ngazi. Inaruka juu na chini, hasa kwa samaki 40. Ukiweka subira ya 2 utasimama kwenye wimbi la kwanza. Kwangu, duru ya 9 ilipanda, ya 10 ikapanda tena, kisha ikashuka hadi 0.46 kwenye ya 14. Subira ya 2 ingeniacha pale.

Kosa ninaloliona mara nyingi, na nimelifanya mwenyewe, ni kusimama kwenye duru ya 24 na kutumia modeli ya duru ya 24. Subira ikiisha, modeli iliyo kwenye kumbukumbu ya kompyuta imeshakariri duru kumi zaidi ya ile bora. Lazima urudishe nakala:

```
model.load_state_dict(torch.load("bora.pt"))
```

Namna ya kugundua ni rahisi: baada ya kurudisha, pima hasara ya uhakiki tena. Kama si ile ile 0.46, hukurudisha. Na usisimamie kwenye data ya mtihani. Ukishachagua duru kwa kuitazama, imegeuka kuwa uhakiki na huna tena mtihani.

Mipaka yake iko wazi: kusimama mapema hakukupi modeli nzuri kuliko ile uliyopita njiani. Kunakurudisha kwenye 0.46. Ukitaka kushuka chini ya hapo, unahitaji kubadili njia yenyewe.

Hatua ya tatu: kupunguza uzito

Wazo ni kwamba kila hatua ya mafunzo, kabla ya kurekebisha, kila namba ya uzito inapunguzwa kidogo kuelekea sifuri. Uzito unaotaka kubaki mkubwa lazima data iupiganie kila hatua. Matamvua yana watetezi samaki 160 wa mafunzo. Pezi lililochanika lina mmoja. Uzito mdogo pia hufanya modeli isibadili jibu ghafla kwa tofauti ndogo ya picha, na kukariri samaki mmoja mmoja kunahitaji mabadiliko ya ghafla namna hiyo.

Kwenye AdamW, kanuni ninayoitumia kurekebisha uzito, kipunguzo kinachozidishwa kila hatua ni hiki:

```
1 - lr * weight_decay
```

Sasa fanya hesabu, maana wengi hawaifanyi. Kasi yangu ya kujifunza, hiyo `lr`, ni 0.001, na thamani ya `weight_decay` ambayo PyTorch inakuwekea bila kuulizwa ni 0.01. Zidisha, toa kwenye moja: kila hatua uzito unabaki 0.99999 ya ulivyokuwa. Picha 800 kwa mafungu ya 32 ni hatua 25 kwa duru. Hadi duru ya 14 nimepiga hatua 350. Uzito wa 1.000 ambao data haiutetei kabisa utakuwa umeshuka hadi 0.9965. Hiyo ni chini ya nusu ya asilimia. Dawa imewashwa lakini haijafika mwilini.

Kwa 0.1 ungefika 0.966. Kwa 1 ungefika 0.705, na hapo ndipo inaanza kuonekana. Mtu anayefunza kwa hatua laki kadhaa, 0.01 inamtosha sana, kwa sababu kipunguzo kile kile kinajirudia mara nyingi. Wewe mwenye picha 800 na anayesimama duru ya 14 huwezi kumwiga namba yake. Kusimama mapema na kupunguza uzito vinagusana hapa: vyote viwili vinazuia uzito usikue, na ukisimama mapema sana, kipunguzo kidogo hakipati muda wa kufanya lolote.

Nilijaribu 0.01, 0.1 na 1, kila moja mara tatu kwa mbegu tofauti za bahati nasibu. Mbili za kwanza sikuweza kuzitofautisha na kutokuwa na dawa. Ya tatu ilinishusha hadi 0.43 au 0.44 kila mara. Tofauti ndogo, lakini ilijirudia mara zote tatu, ndiyo maana niliibakisha. Ukizidisha dozi utajua kwa upande wa mafunzo: hasara ya mafunzo yenyewe inagoma kushuka na kubaki karibu na 0.69, kwa sababu hata uzito wa maana umenyimwa kukua.

Tahadhari moja kuhusu jina. Ukitumia Adam ya kawaida na kuiwekea `weight_decay`, hupati kitu kile kile. Humo kipunguzo huchanganywa na marekebisho ya data, kisha vyote hugawanywa kwa ukubwa wa kawaida wa marekebisho ya uzito huo. Uzito unaosukumwa sana unapunguzwa kidogo kuliko ulivyokusudia. Ilya Loshchilov na Frank Hutter ndio waliovitenganisha, na hiyo W ya mwisho ndiyo tofauti. Kuhusu namba za nyongeza zisizozidishwa na chochote na zile za tabaka za kusawazisha, ziache bila kipunguzo. Hazina mchango mkubwa kwenye kukariri.

Hatua ya nne: dropauti

Mwaka 2014 Nitish Srivastava, Geoffrey Hinton na wenzao wa Toronto walichapisha maelezo kamili ya mbinu hii, na bado inashangaza kwa ujinga wake wa makusudi: kila hatua ya mafunzo, zima baadhi ya nyuroni kwa bahati nasibu. Kwa kiwango cha 0.5 kwenye tabaka langu la 256, takriban 128 zinabaki hai, na hatua inayofuata ni nyingine.

Fikiria watu wanaovuta nyavu za dagaa usiku. Kama taa inajulikana na mmoja tu, na kamba na mmoja tu, chombo kinakwenda vizuri hadi siku mmoja anapougua. Ukiwa hujui leo nani atakuja, kila mtu analazimika kujua kitu kinachofaa hata peke yake. Nyuroni zinazokariri hufanya kazi kwa kutegemeana hivyo: moja inatambua mwanga fulani, nyingine pezi fulani, na zikikutana tu ndipo zinasema "huyu ni yule samaki wa Jumanne". Ukizima moja kwa nasibu, mpango wao unavunjika. Nyuroni inayosoma wekundu wa matamvua haijali nani hayupo.

Zilizobaki hai huongezewa sauti ili jumla isishuke: kwa 0.5 zinazidishwa kwa 2, kwa 0.3 kwa takriban 1.43. Wakati wa kutumia modeli hakuna anayezimwa na hakuna kuzidisha. Hapo ndipo ajali hutokea. Usipoiambia modeli kwamba mafunzo yameisha, itaendelea kuzima:

```
model.eval()
```

Kipimo changu ni kumpa sato mmoja mara mbili mfululizo. Namba ikitofautiana, mara 0.71 mara 0.54, umesahau mstari huo. Na kabla ya duru inayofuata ya mafunzo urudishe `model.train()`, la sivyo utafunza bila dropauti huku ukiamini unayo.

Mimi niliiweka kwenye tabaka nene tu, baada ya zile nyuroni 256. Kwenye tabaka za kuchuja picha haisaidii sana: nukta jirani kwenye picha zinasema kitu kimoja, ukizima moja habari inapita kwa jirani yake.

Ukiiwasha, mambo mawili yatakushtua. Hasara ya mafunzo inaweza kuwa juu ya ile ya uhakiki. Si muujiza, ya mafunzo imepimwa na nusu ya nyuroni, ya uhakiki na zote. La pili, mafunzo yanakuwa ya polepole. Duru yangu bora ilihama kutoka ya 14 hadi ya 41, na subira ya 10 ilinisimamisha mapema mno mara mbili kabla sijaipandisha hadi 20. Anayeongeza dropauti bila kugusa subira mara nyingi huhitimisha kwamba dropauti imeharibu modeli. Nilifika 0.40. Na kwa kuwa hatua sasa zilikuwa 1,025 badala ya 350, kipunguzo cha uzito nacho kilikuwa na muda mara tatu, kwa hiyo nilikipima upya, 0.3 ilitosha pale ambapo kabla nilihitaji 1.

Zisichoweza kutibu

Nikiwa na 0.40 yangu, nilifanya jaribio ambalo sasa silikosi. Nilifunika kila samaki wa uhakiki kwa kisanduku cheusi, nikabakiza pembe za picha tu, yaani sinia na meza. Bila samaki, modeli ilipaswa kubahatisha, asilimia 50. Ilipata 68.

Sinia lilikuwa moja kwa wote, hilo nililifikiria mapema. Sikufikiria jua. Wa leo niliwapiga alfajiri vyombo vikitia nanga, wa jana niliwapiga saa nne mama akifungua sanduku la barafu. Modeli ilisoma saa. Hakuna dawa kati ya hizi tatu inayogusa kitu hicho, kwa sababu mwanga haukuwa wa samaki mmoja: ulikuwepo kwenye mafunzo, ulikuwepo kwenye uhakiki, na ungekuwepo kwenye mtihani. Kwa hesabu ya modeli, mwanga ulikuwa na watetezi 160 kama matamvua.

Nilirudi siku nyingine 12, nikiwapiga kwa zamu, wa leo mmoja, wa jana mmoja, mahali pale pale na saa ile ile. Nikarudia hatua zote kuanzia mwanzo. Uhakiki uliishia 0.45, juu kidogo kuliko kabla, na kwa visanduku vyeusi modeli ilipata asilimia 51. Hapo nikafungua data ya mtihani kwa mara ya kwanza na ya mwisho: samaki 33 kati ya 40, nikihesabu jibu la wingi katika picha tano za kila mmoja. Kati ya saba waliokosewa, watano walikuwa wa jana waliowekwa kwenye barafu mara tu walipofika nchi kavu. Nilimwonyesha mama picha zao bila kumwambia siku. Naye wawili aliwaita wa leo.